Kerneli Iliyosingiziwa

Kompyuta ya Linux ikigoma kuwaka asubuhi inayofuata baada ya kusasishwa, lawama huangukia sasisho. Nimeisikia lawama hiyo Tarime, nimeisikia Mugumu, na miaka ya kuzunguka na begi la vifaa kati ya miji hiyo miwili imenifundisha kuisikiliza kwa adabu bila kuiamini. Mara nyingi kerneli mpya haikuharibu kitu. Imefika tu mahali palipokuwa pameharibika tangu zamani, ikapagusa, na uharibifu ukajitokeza hadharani. Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake kila hatua inaweza kuthibitishwa kwa macho.

Ilikuwa Januari 2024, shule zikiwa zimefunguliwa. Shule moja ya sekondari wilayani Serengeti, si mbali na Mugumu, ilikuwa na kompyuta moja ya mezani iliyotumika kama seva. Ilikuwa na Ubuntu 22.04, diski moja ya kawaida ya kuzunguka, alama za wanafunzi katika mafaili ya LibreOffice, na Wikipedia ya kusomea bila intaneti kupitia Kiwix. Mwalimu wa TEHAMA alinipigia akiwa na wasiwasi. Jioni ya jana yake alikuwa na bando la kutosha, akaamua kusasisha mashine. Sasisho likakwama katikati kwa maneno `Read-only file system`. Akajaribu tena, likakataa. Akazima, akaenda kulala. Asubuhi alipowasha, skrini nyeusi ikasimama kwenye neno ambalo hakuwahi kuliona.

"Fundi, kerneli mpya imeniulia mashine," alisema. "Na alama za muhula mzima zimo humo."

Nikamwomba jambo moja: aisome mistari iliyo juu ya neno `BusyBox`, asiguse kitu kingine. Watu wengi hukodolea macho mstari wa mwisho, ule wenye `(initramfs)` na mahali pa kuandika, kwa sababu ndio unaopepesa. Mstari huo hausemi lolote kuhusu ugonjwa. Ugonjwa umeandikwa juu yake. Akanisomea, na nilipofika nikaona hivi:

```
/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY.
        (i.e., without -a or -p options)
fsck exited with status code 4
The root filesystem on /dev/sda2 requires a manual fsck
```

Kabla ya kuendelea, inafaa kueleza ni wapi hasa mashine inakuwa imesimama. Linux inapowaka, kerneli haiingii moja kwa moja kwenye diski. Hupakiwa pamoja na faili moja lililobanwa, ambalo hufunguliwa ndani ya RAM na kuwa mfumo mdogo wa mafaili wenye zana chache tu. Huo ndio initramfs. Kazi yake ni kuitambua diski, kuikagua sehemu yenye mfumo mkuu, kuifungua, kisha kuukabidhi mfumo mkuu usukani na kutoweka. Ikishindwa kufanya mojawapo ya hayo, haina mahali pa kwenda, hivyo inamwachia binadamu kibodi.

Wengi hupaogopa mahali hapa. Mimi napapenda, na nina sababu. Mfumo wa mafaili unaotumika hauwezi kutengenezwa salama, kwa kuwa kerneli inauandikia huku na wewe unauandikia kule. Kwenye `(initramfs)` sehemu kuu bado haijafunguliwa. Hakuna programu inayoisoma wala kuiandikia. Ukaguzi wa kwanza umekataa kuendelea kwa sababu ya busara: wakati wa kuwaka, `fsck` hutumwa kwa ruhusa ndogo, irekebishe yale tu yasiyohitaji uamuzi. Ikikuta jambo ambalo kulirekebisha kunaweza kupoteza kitu cha mtu, inatoka na namba 4, maana yake makosa yamebaki, na inamwita mwenyewe.

Basi nilipokaa mbele ya mashine ile nilianza na shutuma ya mwalimu, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuipima. Niliandika:

```
(initramfs) cat /proc/version
```

Jibu lilianza kwa `Linux version 5.15.0-89-generic`. Sasisho la jana lilikuwa linaleta 5.15.0-91. Yaani mashine ilikuwa imewaka kwa kerneli ya zamani, ile ile iliyofanya kazi tangu kabla ya likizo. Kerneli mpya ilikuwa haijawahi kuendesha hata dakika moja. Nilimgeuzia mwalimu skrini asome mwenyewe, naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililostahili: kama si yenyewe, kwa nini iwe siku ile ile?

Hapo ndipo penye somo, na panahitaji subira. Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño, mvua na radi bila kupumzika, na nchi nzima ilikuwa kwenye mgao wa umeme uliokuja kupungua mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa, wa kwanza Februari. Shuleni pale umeme ulikatika mchana, usiku, katikati ya kazi. UPS ilikuwepo chini ya meza, taa yake ya kijani ikiwaka vizuri, lakini betri yake ilikuwa imekufa. Nilichomoa waya wake ukutani, nayo ikazimika papo hapo.

Mtu anayeifahamu ext4 atasema kwamba mfumo huo umejengwa kwa ajili ya hali kama hiyo, na ni kweli. Ndani ya diski kuna eneo ambalo mabadiliko ya mpangilio wa mafaili huandikwa kwanza kabla ya kufanywa, kama mwenye duka anavyoandika kwenye daftari kabla ya kutoa mzigo. Umeme ukikatika, mashine ikiwaka husoma eneo hilo na kumalizia kilichobaki. Lakini utaratibu huo unategemea ukweli wa diski. Diski nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu yao ndogo ya kupokelea data, na zipo zinazojibu kwamba zimeshaandika wakati data bado iko humo. Umeme ukikatika wakati huo, kilichopaswa kutangulia kinakosekana na kilichopaswa kufuata kipo. Umeme unaposhuka taratibu badala ya kukatika mara moja, mambo huwa mabaya zaidi.

Kisha kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Mashine inapowaka baada ya umeme kukatika, `fsck` haikagui diski yote. Inamalizia zile kazi zilizoandikwa, inaangalia kama kuna alama ya kosa kwenye kichwa cha mfumo wa mafaili, na isipoiona inasema `clean` na kupita. Inachukua sekunde chache. Kwa hiyo mashine ile iliweza kukatikiwa na umeme wiki baada ya wiki, ikawaka kila mara, ikitangaza kuwa safi, huku kona moja ya diski ikiwa imevurugika. Alama ya kosa huwekwa pale tu kerneli inapojikwaa yenyewe kwenye kona hiyo. Na mashine ya shule inagusa mafaili yale yale kila siku, kwa hiyo haijikwai.

Sasisho la kerneli ni jambo tofauti. Linaandika mamia ya megabaiti, linatafuta nafasi kila upande wa diski, linafungua maelfu ya mafaili madogo ya moduli, linafuta ya zamani. Ni kama kulazimisha mashine ipite kila chumba. Jioni ile kerneli ya zamani, ikiwa katika kuandika, ilikuta kumbukumbu za nafasi zisizolingana na hali halisi. Ikaweka alama ya kosa, na kwa sababu Ubuntu huandika `errors=remount-ro` kwenye `/etc/fstab`, ikaufunga mfumo wote usiandikike tena. Ndiyo sababu ya yale maneno `Read-only file system`. Ilikuwa kinga, na ilifanya kazi yake. Asubuhi alama ile ikailazimisha `fsck` kukagua diski yote kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na mengine mwalimu aliyaona.

Nilikataa kuandika amri ya kutengeneza wakati huo. `fsck` huandika kwenye diski, na diski inayokufa haipaswi kuandikiwa. Dalili za diski inayokufa huonekana hapo hapo kwenye skrini: mistari yenye `I/O error` au `Buffer I/O error`, na mashine kuganda sekunde nyingi kabla ya kila jibu. Ukiiona hiyo, acha. Kazi yako ya kwanza inakuwa kuinakili diski nzima kwa `ddrescue`, na matengenezo yafanywe kwenye nakala. Pale shuleni mistari hiyo haikuwepo, lakini alama za wanafunzi hazikuwa na nakala nyingine, hivyo nikawasha kwa flashi ya Ubuntu ninayotembea nayo, nikafungua programu ya Disks na kutazama taarifa za SMART. Idadi ya sekta zinazosubiri, `Current Pending Sector Count`, ilikuwa sifuri. Kisha nikaifungua sehemu ile kwa kusoma tu:

```
sudo mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt
```

Neno `noload` linazuia hata ule umaliziaji wa kazi zilizoandikwa, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Tukanakili folda za walimu kwenye diski ya nje. Mafaili machache yalikataa kusomeka. Tukayaandika majina yake kwenye karatasi.

Ningeweza kuitengeneza diski kwa kutumia flashi hiyo hiyo. Nilirudi kwenye `(initramfs)` kwa makusudi, kwa sababu mwalimu yuko shuleni na mimi naweza kuwa Sirari, na siku nyingine atakuwa peke yake bila flashi. Nikamwachia kiti. Akaandika:

```
(initramfs) fsck.ext4 -f /dev/sda2
```

Bila `-y`, ambayo hujibu ndiyo kwa kila swali. Nilitaka aone maswali ya mwanzo. Ukaguzi una hatua 5. Hatua ya 1 hupitia kila faili na nafasi linayodai kuishika. Hatua ya 2 hukagua folda, na hapo yakaja maswali ya majina yaliyoelekeza kwa mafaili yasiyokuwepo. Hatua ya 3 huangalia kama kila folda inafikika kutoka juu. Hatua ya 4 huhesabu viungo, na hapo ndipo mafaili yaliyobaki bila jina hupatikana. Swali linakuwa `Connect to /lost+found`, nawe unataka jibu la ndiyo, maana ndilo linalookoa. Hatua ya 5 husahihisha hesabu za nafasi iliyo wazi na iliyojaa. Alipokwisha kuelewa mtiririko, nikamwonyesha kwamba kubonyeza `a` hujibu ndiyo kwa yote yaliyobaki. Mwisho ukaandikwa `FILE SYSTEM WAS MODIFIED`. Tukairudia amri ile ile mara ya pili, kwa sababu marekebisho ya kwanza yanaweza kufichua mengine. Safari hii haikuuliza kitu.

Akaandika `exit`. Hapo initramfs inakagua tena, ikiridhika inaendelea na safari yake kana kwamba haikusimama. Skrini ya kuingilia ikatokea.

Mafundi wengi huondoka wakati huo, wakiacha mashine iliyo nusu. Sasisho lilikuwa limekatizwa katikati, na faili la initramfs la kerneli mpya lilikuwa halijatengenezwa. Tuliandika:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
ls -lh /boot
```

Kwenye `/boot` nilimwonyesha kulinganisha ukubwa wa `initrd.img` ya kerneli mpya na ya zamani. Zikikaribiana, ni ishara njema. Ikiwa mpya ni ndogo mno au haipo, usizime. Itengeneze kwa `update-initramfs -c -k` ukifuatisha namba ya kerneli, kisha `update-grub`. Nikaongeza `sudo dpkg --verify`, inayotaja mafaili ya programu yaliyobadilika tangu yasakinishwe, na kifurushi kimoja kilichotajwa tukakisakinisha upya. Ndipo tukawasha upya mashine, ikawaka kwa 5.15.0-91, ile iliyoshutumiwa, bila tatizo.

Kwenye `/lost+found` tulikuta mafaili yenye namba badala ya majina. Tarehe zake zilikuwa za Novemba na Desemba, siku za mvua. Hakuna hata moja lililokuwa la kerneli mpya. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwamba jeraha lilitangulia sasisho kwa wiki kadhaa.

Sitaki msomaji adhani kila `(initramfs)` hutibiwa kwa `fsck`. Muda si mrefu baadaye, mwenye duka la stesheneri Tarime mjini aliniita. "Mura, njoo uniangalizie hii, nimeiapdeti tu ikafa." Skrini ilifanana kabisa kwa mtu asiyesoma, ila mstari wa juu ulisema `ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!` Tofauti ni kubwa. Shuleni mashine iliiona diski ikaikuta na makosa. Hapa haikuiona kabisa, na huwezi kutengeneza usichokiona. Jambo la kuuliza ni kama kerneli yenyewe inaijua diski:

```
(initramfs) cat /proc/partitions
```

Hapakuwa na `sda` hata moja. Nikawasha upya, nikaingia kwenye menyu ya GRUB, `Advanced options for Ubuntu`, nikachagua kerneli ya zamani. Matokeo yakawa yale yale. Hiki ni kipimo ninachokithamini kuliko vingine: kerneli ya zamani ikiwaka na mpya ikagoma, mara nyingi tatizo liko kwenye initramfs ya mpya, na utaijenga upya ukiwa ndani ya ya zamani. Zote zikigoma, geukia chuma. Nikamuuliza mwenye duka kompyuta ilikuwa wapi. Aliisasishia nyumbani Nyamwaga, akaifunga nyuma ya bodaboda kuileta dukani. Nilipofungua kasha, waya wa SATA ulikuwa umelegea kwenye diski. Nikaukaza, mashine ikawaka.

Umeme na data vina historia ya pamoja katika wilaya hizi. Miaka ya 2000, watafiti wa COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm waliunganisha taasisi za Bunda na Serengeti kwa nyaya za nuru zilizokuwa zimebebwa na njia za umeme za TANESCO, na mwaka 2008 Amos Nungu na wenzake waliueleza mtandao huo mbele ya watafiti wenzao Seattle. Baadaye waliandika pia kuhusu tatizo la kuipatia mitandao ya namna hiyo umeme wa uhakika. Nawakumbuka ninapomwambia mkuu wa shule kwamba betri ya UPS ni sehemu ya kompyuta, na fedha yake itafutwe kabla ya fedha ya diski mpya.

Shuleni pale betri ilinunuliwa. Nikaongeza na amri moja, kwa sababu Ubuntu ya siku hizi haina desturi ya kukagua diski yote kila baada ya muda:

```
sudo tune2fs -c 15 /dev/sda2
```

Sasa kila baada ya kuwashwa mara 15 diski hukaguliwa yote, hata ikijitangaza safi. Mwalimu mwenyewe amejifunza pia kuongeza `fsck.mode=force` kwenye mstari wa kerneli ndani ya GRUB kabla ya kila sasisho kubwa, ili jeraha kama lipo lionekane siku anayoitaka yeye. Aliniuliza kama aweke na `fsck.repair=yes` ili mashine ijibu ndiyo yenyewe. Nilimshauri asiweke kwenye mashine yenye kumbukumbu za watu, kwa sababu siku diski itakapoanza kufa, amri hiyo itaiandikia usiku kucha bila mtu kuona `I/O error` hata moja.

Kilichobaki kilikuwa alama zenyewe. `fsck` inajua kama faili lina jina, nafasi na ukubwa sahihi. Haijui kama ndani mna alama au mna sifuri tupu. Faili la Kidato cha Pili lilionekana zima, ukubwa wake ule ule, lakini LibreOffice ilikataa kulifungua. Walimu wa madarasa walileta karatasi za awali, wakakaa wawili wawili mbele ya skrini, mmoja akisoma jina na alama, mwingine akifuatilia kwa kidole. Faili hilo waliliandika upya kutoka kwenye karatasi. Mengine yalilingana, isipokuwa safu moja ya Kiswahili ya Kidato cha Tatu, ambayo wiki yake ya mwisho ya Novemba haikuwepo.